Kugawa pembe nusu kwa bikari na rula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu matao matatu na sababu zake

Majibu haya yamekusudiwa wanafunzi wa Kigoma na Tabora wanaoanza jometri ya kuchora, pamoja na walimu na wazazi wanaokaa nao jioni kwenye daftari. Bikari ni kile kifaa cha miguu miwili kwenye mkebe wa hesabu, ambacho wengi dukani hukiita kompasi. Katika majibu mengi tutatumia mfano mmoja: pembe ABC ya nyuzi 70, kipeo chake ni B, na mikono yake BA na BC ina urefu wa sentimita 9 kila mmoja. Ichore kwanza, kisha uwe unasoma huku unafuatisha.

Mchoro wenyewe unachorwa vipi?

Chonga penseli ya bikari iwe kali, kisha funga bikari kabisa uone kama ncha ya penseli na ncha ya sindano ziko sawa. Penseli ikiwa fupi kuliko sindano, bikari itasimama upande na tao litatoka limepinda. Weka daftari juu ya kipande cha boksi, maana madawati mengi yana nyufa kati ya mbao, na sindano ikiangukia kwenye ufa itazama na kuhama.

Fungua bikari sentimita 5. Choma sindano kwenye B na uchore tao moja refu linalovuka mikono yote miwili. Linapokata BA andika P, linapokata BC andika Q. Sasa hamishia sindano kwenye P, na bila kugusa upana wa bikari chora tao fupi ndani ya pembe, upande ulio mbali na B. Hamishia sindano kwenye Q na uchore tao jingine fupi, upana uleule, likate lile la kabla. Mahali yanapokatana andika D. Weka rula ipite B na D, chora mstari. Huo ndio mstari wa nusu: pembe ABD ni nyuzi 35 na pembe DBC ni nyuzi 35.

Kwa vipimo hivi P na Q zitaachana kwa sentimita 5.7, na D itakuwa sentimita 8.2 hivi kutoka B. Kama D yako imeangukia sentimita 7 au 9, usiendelee. Kuna jambo limekwenda kombo mapema, ama pembe ya kwanza si nyuzi 70, ama bikari imehama.

Niandike sababu gani pembeni mwa kila tao?

Hapa ndipo wengi hupoteza alama, hata wale wenye mchoro safi kabisa. Kuandika "nimechora tao" ni kueleza ulichofanya. Sababu hueleza tao hilo limekupa nini ambacho hukuwa nacho kabla. Na kila tao hutoa kitu kimoja tu: usawa wa urefu. Tao halijui chochote kuhusu pembe. Linachojua ni kwamba kila nukta iliyo juu yake iko umbali uleule kutoka mahali sindano iliposimama.

Tao la kwanza lilichorwa kutoka B. P iko juu yake, na Q iko juu yake. Kwa hiyo sababu yake ni hii:

BP = BQ, kwa kuwa zote mbili ni nusu kipenyo za duara moja lenye kitovu B.

Tao la pili, lile la kutoka P, likiwa peke yake halithibitishi kitu. Linasema tu kwamba D, popote itakapokuwa, iko sentimita 5 kutoka P. Tao la tatu linasema D iko sentimita 5 kutoka Q. Nukta inayotii masharti yote mawili kwa pamoja ni ile ya makutano, ndiyo maana hatuchukui nukta nyingine yoyote. Basi sababu ya tao la pili na la tatu huandikwa pamoja:

PD = QD, kwa kuwa matao mawili yenye vitovu P na Q yamechorwa kwa upana mmoja wa bikari na yanakutana D.

Halafu mstari wa rula nao una sababu yake, ingawa si tao:

BD = BD, kwa kuwa ni upande wa pamoja wa pembetatu mbili.

Sasa tazama pembetatu BPD na pembetatu BQD. Pande tatu za moja ni sawa na pande tatu za nyingine, upande kwa upande. Pembetatu mbili za namna hiyo hulingana kabisa: ukiikata moja kwa mkasi na kuigeuza juu ya nyingine itafunika bila kuzidi wala kupungua. Kwa hiyo pembe zilizo kwenye B nazo ni sawa, yaani pembe PBD = pembe QBD. Uthibitisho umekwisha.

Kuna sababu tatu zisizofaa ambazo huonekana sana kwenye daftari. Ya kwanza ni "kwa sababu D iko katikati ya pembe". Hilo ndilo tunalotaka kulithibitisha. Huwezi kulitumia kama sababu. Ya pili ni kuandika kwamba pembetatu zinalingana kwa upande, pembe, upande. Pembe gani? Ile iliyo kati ya BP na BD ndiyo hasa tunayoitafuta, na ukiitaja umezunguka ukarudi ulikotoka. Andika upande, upande, upande. Ya tatu ni "PD = BP". Katika mchoro wetu ni kweli, kwa kuwa hatukubadili upana, lakini uthibitisho hauihitaji, na anayeiandika kwa kawaida hajaona jambo la swali linalofuata.

Je, ni lazima upana wa bikari uwe uleule kuanzia tao la kwanza hadi la mwisho?

Hapana. Tao la kwanza lina upana wake, wowote ule, mradi likate mikono yote miwili. Tao la pili na la tatu lazima yalingane yenyewe kwa yenyewe, lakini si lazima yalingane na la kwanza.

Rudi kwenye sababu uone kwa nini. Tulihitaji BP = BQ, na hiyo inatoka kwenye tao la kwanza peke yake. Tulihitaji PD = QD, na hiyo inatoka kwenye matao mawili ya mwisho. Hakuna mahali tulipohitaji urefu wa BP ulingane na wa PD. Ukitumia sentimita 5 kwa tao la kwanza na sentimita 4 kwa mengine, D itasogea karibu, iwe sentimita 6.9 kutoka B badala ya 8.2, lakini itakuwa juu ya mstari uleule. Jaribu kwenye mchoro mmoja: chora D ya kwanza kwa sentimita 5 na ya pili kwa sentimita 4. Rula itapita B na zote mbili.

Yuklidi, Mgiriki aliyeandika jometri yake karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, kwenye pendekezo la 9 la kitabu chake cha kwanza alichagua PQ yenyewe iwe upana wa pili, akajenga juu yake pembetatu yenye pande tatu sawa. Ni chaguo moja tu kati ya mengi, na msingi wa hoja yake ni huuhuu wa pande tatu.

Kwa nini basi walimu wengi husema "usibadili upana"? Kwa sababu ya mkono wa mwanafunzi. Asiyebadili upana hawezi kukosea kati ya tao la pili na la tatu. Ni ushauri mzuri wa kazi, lakini si sharti la jometri, na kuna pembe ambazo ushauri huo huzifanya ziwe ngumu bila sababu. Tutazifikia.

Matao yangu ya ndani hayakutani. Nimekosea wapi?

Upana wa pili ni mdogo mno. P na Q zimeachana kwa sentimita 5.7, kwa hiyo kila tao lazima livuke nusu ya umbali huo, yaani lizidi sentimita 2.87. Ukifungua bikari sentimita 2.5, tao la P litaishia upande wa P na la Q upande wa Q. Ukifungua 2.9 yatagusana kidogo tu na hutajua nukta iko wapi hasa, maana kila tao linapita karibu sambamba na mwenzake. Panua hadi sentimita 4 au 5, na ukumbuke kurudia matao yote mawili. Ukipanua kwa moja na kuacha jingine lilivyokuwa, umeharibu PD = QD.

Matao yamekutana kwenye B yenyewe. Inawezekanaje?

Hilo hutokea kila mara upana wa pili ukiwa sawa na wa kwanza na ukachora matao upande wa kipeo. Sindano ikiwa kwenye P, B iko sentimita 5 kutoka hapo, kwa hiyo tao la P linapita B. La Q vilevile. Matao mawili ya duara hukutana mahali pawili: moja ni B, nyingine ni D ya mbali. Ya B haikusaidii, kwa kuwa mstari unahitaji nukta mbili na B ulikuwa nayo tangu mwanzo.

Njia ya Yuklidi hukumbwa na jambo hilihili kwa pembe ya nyuzi 60. Hapo PQ inakuwa sawa na BP, na pembetatu yake ikijengwa upande wa B, ncha yake inaangukia B. Ndiyo maana kwenye hatua tuliandika "upande ulio mbali na B".

Nimefuata hatua zote, lakini nikipima napata 34 na 36. Kosa limetoka wapi?

Kwa kawaida bikari imelegea. Bikari nyingi za bei nafuu zina skrubu ya juu inayolegea baada ya wiki chache za kutumika, na miguu hufunguka kidogo unapohamisha sindano kutoka P kwenda Q.

Tuchukue mfano wetu. Tao la P limechorwa kwa sentimita 5.0, kisha bikari ikafunguka milimita 2 tu, tao la Q likachorwa kwa sentimita 5.2. D sasa iko karibu zaidi na P kuliko Q, kwa hiyo mstari unaegemea BA. Ukikokotoa, pembe ABD inakuwa nyuzi 33.8 na pembe DBC nyuzi 36.2. Milimita 2 zimekula zaidi ya digrii moja kila upande.

Kutoka hapo unapata njia ya kutambua kosa: mstari wa nusu huegemea upande wa tao lililochorwa kwa upana mdogo. Kama sehemu ya BA ndiyo ndogo, tao la P lilikuwa na upana mdogo kuliko la Q. Kabla ya kuchora D, rudisha sindano kwenye P na uguse tao la pili kwa penseli bila kuchora. Ikiwa ncha haiangukii juu ya tao ulilochora mwanzo, upana umehama. Kaza skrubu kwa ncha ya kisu au sarafu, futa matao hayo mawili, anza upya kutoka P. Tao la kwanza liache. P na Q bado ni halali.

Kosa la pili kwa ukubwa ni kuchora tao la kwanza mara mbili. Mwanafunzi anachora kipande kidogo kwenye BA, anainua bikari, anachoma tena kwenye B, anachora kipande kidogo kwenye BC. Sindano ikiangukia tundu jipya nusu milimita pembeni, BP na BQ si sawa tena. Lizungushe kwa mkupuo mmoja, na ushike bikari kichwani kwa vidole viwili, si kwa miguu yake.

La tatu ni D kuwa karibu sana na B. Nusu milimita ya kosa kwenye D iliyo sentimita 8 kutoka B hupotosha mstari kwa chini ya nusu digrii. Nusu milimita ileile kwenye D iliyo sentimita 2 hupotosha karibu digrii moja na nusu. Chora kubwa kadiri karatasi inavyoruhusu.

Pembe ni nyembamba sana, nyuzi 20 tu. Nifanyeje?

Hapa ndipo ushauri wa "usibadili upana" unapoumiza. Kwa sentimita 5, P na Q zitaachana kwa sentimita 1.7 tu. Matao ya sentimita 5 kutoka nukta zilizokaribiana hivyo yatalaliana, yatakatana kwa mwinamo mdogo, na makutano yatakuwa doa refu la penseli badala ya nukta. Mbaya zaidi, doa hilo limelala kukingama mstari wa nusu, kwa hiyo kila kosa linaingia moja kwa moja kwenye pembe. Upana ukihama milimita 1 kati ya matao mawili, mstari unapotoka kwa digrii 1.7, na kwenye nusu ya nyuzi 10 hilo ni kosa kubwa.

Dawa ni kupanua tao la kwanza na kupunguza yanayofuata. Refusha mikono kwa rula, chora tao la kwanza kwa sentimita 9. P na Q zitaachana kwa sentimita 3.1. Kisha matao mawili kwa sentimita 3. Makutano yatakuwa safi, D itakuwa zaidi ya sentimita 11 kutoka B, na kosa lile la milimita 1 litapotosha kwa nusu digrii hivi. Sababu za kuandika hazibadiliki hata neno moja.

Na pembe butu, kama nyuzi 150?

Kinyume chake. Kwa sentimita 5, P na Q ziko mbali, sentimita 9.7, na matao ya sentimita 5 yanakutana sentimita 2.6 tu kutoka B. Ni halali lakini ni karibu mno. Fungua bikari sentimita 7 kwa matao mawili ya mwisho na D itasogea hadi sentimita 6.4.

Pembe ya nyuzi 180, yaani mstari mnyoofu wenye nukta B, ni ukomo wa jambo hilo. Matao yenye upana sawa na la kwanza yatagusana kwenye B na kuishia hapo. Lazima upana wa pili uzidi wa kwanza. Ukifanya hivyo unapata mstari uliosimama wima juu ya mwenzake, nyuzi 90 kila upande, kwa sababu zilezile tatu.

Pembe iliyozidi 180, tuseme 250, igawe kwa kupitia upande wake wa ndani. Upande huo una nyuzi 110. Utafute mstari wake wa nusu, kisha uurefushe kwa rula urudi nyuma kupita B. Kila upande wa nyuma utakuwa 180 ukitoa 55, yaani nyuzi 125, na 125 mara mbili ni 250.

Kwa nini nisiunganishe P na Q, nipime katikati kwa rula, nipitishe mstari hapo?

Mstari utakuwa sahihi, kwa sababu katikati ya PQ iko kweli juu ya mstari wa nusu. Lakini si kazi uliyoulizwa. Katika ujenzi wa bikari na rula, rula ni ukingo mnyoofu tu. Namba zake hazitumiki katika hoja. Sentimita 5 tulizotaja ni za kukusaidia kufungua bikari, na uthibitisho ungesimama vilevile kama ungefungua kwa kukisia. Ukipima PQ ukapata 5.7 na kugawa kwa 2, usahihi wako unategemea jicho lako kwenye milimita, na huna sababu ya kijometri ya kuandika zaidi ya "nimepima". Kipimapembe nacho ni vivyo hivyo: kitumie kuhakiki, usikitumie kujenga.

Nikimaliza nifute matao?

Usiyafute. Yachore kwa wepesi, mstari BD uukoleze kidogo, lakini matao yote matatu yabaki yanaonekana pamoja na herufi P, Q na D. Msahihishaji hana njia nyingine ya kujua kama mstari ulijengwa au ulipimwa. Andika herufi nje ya makutano zisifunike nukta, na namba za matao 1, 2, 3 pembeni mwa kila moja, ili sababu zako chini ya mchoro ziweze kusema "tao la 1" na msomaji akaliona.

Nitahakiki vipi bila kipimapembe?

Kunja karatasi kwenye mstari BD, uinue kwenye mwanga wa dirisha. Mkono BA ukilala juu ya BC, na P ikiangukia Q, kazi ni sahihi. P ikiangukia Q lakini mikono haifunikani, umeweka rula vibaya ulipochora mikono. Mikono ikifunikana lakini P ikapita Q, ujue tao la kwanza lilihama, na ni bahati tu iliyokuokoa.

Ubaoni au uwanjani hakuna bikari kubwa. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Ubaoni funga chaki kwenye uzi, kidole gumba kishike mwisho mwingine kwenye B. Kosa la kawaida ni uzi kujizungusha kwenye chaki na kufupika kila unapozunguka. Funga fundo kwenye mkato uliochonga kwenye chaki na uishike wima. Sentimita 40 kwa tao la kwanza zinatosha darasa zima kuona.

Uwanjani tumia vigingi na waya wa kufungia nondo. Kamba ya nailoni huvutika, na mtu anayevuta kwa nguvu upande wa Q kuliko wa P amekwisha kubadili upana. Kwenye ardhi ya kichanga, kama ilivyo sehemu nyingi za Tabora, kigingi kinachochomekwa juujuu huinama waya ukivutwa. Kizamishe, na waya uuzungushie chini kabisa usawa wa ardhi.

Fundi seremala anayekata kona ya fremu hutumia mstari huuhuu. Kona ikiwa mraba anakata kwa nyuzi 45, lakini dirisha la ukuta uliopinda linaweza kuwa na kona ya nyuzi 94, na mbao mbili za mninga lazima zikatwe kwa 47 kila moja ili ziungane bila mwanya. Anachora pembe halisi ya kona kwenye ubao wa kazi, anaigawa nusu, kisha anahamishia mwinamo huo kwenye mbao. Kuna sharti moja: mbao zote mbili ziwe na upana sawa. Moja ikiwa inchi 3 na nyingine inchi 2, mstari wa kiungo hauko tena kwenye nusu ya pembe, na kukata kwa 47 kutaacha kidomo kimejitokeza.

Je, naweza kugawa pembe sehemu nne? Na tatu?

Nne ni rahisi: gawa nusu, kisha kila nusu uigawe tena. Nyuzi 60 hutoa 30, kisha 15, kisha 7.5. Tao la kwanza lililochorwa kutoka B linaweza kutumika tena, kwa kuwa mstari BD unalikata na kukupa nukta mpya iliyo umbali uleule kutoka B. Sababu ya nukta hiyo ni ileile ya tao la kwanza.

Tatu ni jambo jingine. Wapo wanaogawa PQ katika vipande vitatu sawa na kuunganisha na B. Kwa pembe ya nyuzi 90 njia hiyo hutoa nyuzi 26.6, 36.9 na 26.6, si 30, 30, 30. Kipande cha katikati kiko karibu zaidi na B kuliko vya pembeni, kwa hiyo kutoka B kinaonekana kipana. Mwaka 1837 Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha kwamba hakuna njia ya jumla ya kugawa kila pembe mara tatu kwa bikari na ukingo mnyoofu peke yake. Zipo pembe chache zinazokubali, kwa mfano nyuzi 90, kwa sababu nyuzi 30 hupatikana kwa kugawa nusu 60. Lakini nyuzi 60 yenyewe haigawanyiki mara tatu kwa vifaa hivi, hata bikari iwe mpya na mkono uwe mtulivu namna gani.